Jina la utani lisilomchoma mpenzi wako: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi hapa Goma, na kosa ni lile lile. Kijana anamwita mchumba wake "Kafupi". Kwake ni mapenzi matupu. Dada anacheka wiki ya kwanza, wiki ya pili anacheka kidogo, na kufikia mwezi hataki tena kupita na kijana huyo mbele ya watu. Kijana akiulizwa anashangaa: "Lakini alikuwa anacheka!"

Mwongozo huu ni wa mpenzi kwanza, ila hatua zake zinafaa pia kwa rafiki wa karibu. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: tuseme dada anaitwa Zawadi, ni mfupi wa kimo, na mchumba wake ni motari anayemwita Kafupi. Tutalitoa jina hilo na kumtafutia lingine.

## Vitu vya kuwa navyo

Siku saba za kusikiliza tu, bila kubuni jina lolote. Karatasi moja. Majina yake yote: la ubatizo, la ukoo, na lile analoitwa na mama yake nyumbani. Na wiki mbili nyingine za kujaribu kabla jina halijafika kwenye masikio ya watu.

Ukiona huna subira ya wiki tatu, mwite kwa jina lake mwenyewe kwa sauti nzuri. Hilo halijawahi kumuumiza mtu.

## Hatua ya 1: Andika majina anayoitwa tayari, na nani anamwita

Gawanya karatasi sehemu mbili. Upande mmoja andika jina, upande wa pili andika anayelitumia.

Sababu ni kwamba jina la utani lina mwenyewe. Kama baba yake marehemu alikuwa akimwita "Mama", kama tunavyowaita watoto wa kike kwa upendo huku kwetu, wewe ukija na "Mama" yako unaweza kumgusa pazuri sana au pabaya sana. Usilichukue bila kuuliza.

Angalia pia kama jina lake linamtofautisha na wengine. Kwa Wanande, majina mengi hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Darasa moja la Goma linaweza kuwa na akina Kambale wanne. Ndiyo maana watu hukimbilia umbo la mwili: Kambale Murefu, Kambale Mweusi. Mwalimu au jirani anatafuta tu njia ya kuwatofautisha, lakini mtoto anabeba kimo chake au rangi yake kama jina hadi uzeeni.

Kama ni kutofautisha tu mnakotaka, tumieni mtaa au kazi: Kambale wa Himbi, Kambale wa mbao. Kazi imeisha, hakuna aliyeumia.

*Utajua hatua imekwenda vizuri* ukiwa na majina matatu hadi sita kwenye karatasi, na kando ya kila moja unaweza kusema kama mwenyewe anaitika haraka au kwa uvivu. Kwa Zawadi tulipata haya: Zawadi (wote), Zawa (dada yake mkubwa), Mama Zawa (watoto wa paseli), Kafupi (mchumba). Kwa Zawa anaitika mara moja. Kwa Kafupi anageuka bila kusema neno.

## Hatua ya 2: Tia alama mahali panapouma

Hii ndiyo hatua ambayo karibu wote wanairuka, kwa sababu wanadhani wanamjua mwenzao.

Sikiliza vitu vitatu. Cha kwanza, jambo ambalo yeye mwenyewe hulitania kabla wengine hawajalitania. Mtu anayesema "mimi na ufupi wangu huu" kila mara anaingia chumbani anajikinga. Anatupa jiwe mwenyewe ili lisitupwe na mwingine. Wengi wanalisikia hilo na kudhani wamepewa ruhusa.

Cha pili, angalia picha. Anasimama wapi? Anaficha nini? Zawadi kwenye kila picha anatafuta ngazi au jiwe la kusimamia.

Cha tatu, mambo anayoyanyamazia. Mazungumzo yakifika hapo, anaamka kwenda kuangalia sufuria.

Mwili uko juu ya orodha: kimo, unene, wembamba, meno, kovu, rangi ya ngozi. Wapo wanaosema zamani unene ulikuwa sifa, mtu akikuita Mafuta alikuwa anakusifu. Inawezekana, lakini unamwita mtu wa leo, na anayejua kama ni sifa ni yule anayeitwa. Hata "Shokola" kwa dada mweusi inabidi iulizwe kwanza. Kama amekua akiambiwa ajipake mafuta ya kung'arisha, neno tamu la ngozi yake bado linamkumbusha kwamba ngozi ndiyo ya kwanza kuonekana.

Halafu kuna vitu viwili vya kwetu ambavyo vinataka uangalifu zaidi ya mwili.

Kimoja ni watoto. Huku mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Furaha, Mama Amani. Ni heshima kubwa. Lakini ukimwita "Mama Mapacha" kwa utani mwanamke anayetafuta mimba mwaka wa nne, umemkata kwa kisu. Na yule aliyefiwa na Amani, wengine wanataka kuendelea kuitwa Mama Amani ili mtoto asifutike, wengine hawawezi kulisikia. Huwezi kubahatisha. Unamuuliza kwa upole mkiwa wawili: "Unapenda niendelee kukuita vile?"

Kingine ni asili na safari ya mtu. Kabila, lafudhi ya kijijini, au ukimbizi havifanywi jina la utani katika mji huu, hata kati ya marafiki wa kufa na kuzikana. Ukimwita rafiki yako "Deplase" kwa sababu familia yake ililala kambini, unamrudisha kambini kila unapofungua mdomo. Na kabila linapokuwa utani mezani, huwezi kuchagua ni nani mwingine atalisikia, wala atalitumia siku gani.

*Utajua umefika* ukiwa na alama mbili au tatu tu kwenye karatasi. Ukiwa na kumi, umeanza kumchunguza kama polisi. Punguza.

## Hatua ya 3: Chukua jina kwenye chanzo kinachofaa

Vyanzo salama ni vichache. Jina lake mwenyewe, likifupishwa au kulainishwa. Jambo jema analolifanya kwa hiari yake. Au siku fulani ambayo ninyi wawili mnaikumbuka na kutabasamu.

Tofauti yake na mwili ni hii: kitendo mtu amekichagua. Ukimwita kwa ukarimu wake, unamwambia nimeona ulichofanya. Ukimwita kwa kimo chake, unamwambia nimeona ambacho hukuweza kukikataa.

Katika mfano wetu, kijana alikaa na karatasi yake akakumbuka siku bandarini. Walikuwa wanangoja boti ya kwenda Bukavu, boti ikachelewa. Zawadi akanunua sambaza za kukaanga ndani ya karatasi, na badala ya kula na mchumba wake pembeni, akaanza kuzipitisha kwenye benchi lote: mzee mmoja, mama na mtoto, wanafunzi wawili. Kwa kila mtu alisema neno moja tu, "Karibu." Benchi zima likaanza kuzungumza kama ndugu.

Kutoka siku hiyo kijana aliandika majina mawili: "Mama Sambaza" na "Karibu". Kutoka kwenye jina lake aliongeza "Zuzu" na "Kazawadi". Manne yanatosha. Ukiandika ishirini utachagua lile linalokuchekesha wewe.

Onyo. Chuja kila jina kwa alama za hatua ya 2 kabla ya kulipenda. "Mama Sambaza" linaonekana la heri, limetoka kwenye siku nzuri. Lakini sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kila mtu hapa anajua udogo wao. Siku ya kwanza shemeji atakapolisikia atasema, "Aa, juu iko kadogo sawa sambaza!" Kimo kimerudi kwa mlango wa nyuma. Lifute.

## Hatua ya 4: Jua nguvu ya "ka-"

Kiswahili chetu cha Kongo kina kiambishi ambacho wenzetu wa pwani hawakitumii sana: ka-, na wingi wake tu-. Katoto, kanyumba, tutoto. Ndicho chombo chetu cha kwanza cha mapenzi, na ndicho kinachoharibu majina mengi.

Ka- hupunguza. Kinapopunguza kitu kinachopendwa, moyo unalainika: "katoto kangu" ni kitu cha kukumbatia. Kinapopunguza kitu ambacho mtu tayari anaona kimepungua, kinachoma mara mbili. Kafupi lina ufupi ndani yake, halafu ka- inaupunguza tena.

Basi shika kanuni hii: weka ka- kwenye jina la mtu au kwenye kitu kizuri, usiweke kamwe kwenye sifa ya mwili. Na likubaliane na "kangu" nyuma yake. "Kazawadi kangu" ni zawadi ndogo niliyopewa mimi, naitunza. Ukisema "kale kazawadi" ukimwonyesha kwa kidole mbele ya watu, ka- ile ile imekuwa ya dharau. Neno ni moja, kilichobadilika ni "kangu" na "kale".

Kwa mtu mfupi bado ningeangalia mara mbili. Zawadi, aliyekwisha kuchomwa na Kafupi, anaweza kusikia ka- yoyote kama kimo. Kijana aliliacha Kazawadi kwenye orodha, lakini akaliweka la pili. Naona alifanya vizuri. (Kambale na Kasereka hayahusiki hapa. Ka- yao ni sehemu ya jina, haipunguzi kitu.)

## Hatua ya 5: Lisikilize kwa lugha zote za paseli

Sisi tunazungumza Kiswahili, Kifaransa, Lingala na lugha za nyumbani, mara nyingi ndani ya sentensi moja. Jina tamu katika lugha moja linaweza kuwa aibu katika nyingine, na hatari kubwa iko kwenye majina ya silabi zinazorudiwa, ambayo tunayapenda mno: Fifi, Juju, Lili.

Angalia haya:

Zuzu, kwa Kiswahili, ni mjinga, mtu asiyejua kitu. Kwa hiyo Zawadi hawezi kuitwa Zuzu, hata likisikika tamu namna gani.

Bubu ni mtu asiyesema. Mtu mwenye kigugumizi anayeitwa Bubu kwa sababu jina lake linaanza na Bu- ataliona tusi, na ana haki.

Titi ni ziwa la mwanamke. Usimwite dada hivyo sokoni.

Pipi kwa Kiswahili ni peremende, utafikiri umepata. Kwa Kifaransa cha watoto ni mkojo, na watoto wa paseli wanasoma Kifaransa shuleni.

Bibi, kwa Kiswahili chetu, ni mke. Ukimwita rafiki yako wa kike Bibi, mume wake atataka maelezo.

Koko kwa Lingala ni babu au nyanya. Wengine wanalipenda, wengine wanasikia uzee.

Njia rahisi: lipigie kelele jina ukiwa peke yako, kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kisha mwulize mtu mmoja anayezungumza lugha ya nyumbani ya mpenzi wako, bila kumwambia ni la nani: "Neno hili kwenu lina maana gani?" Usiwaulize marafiki zako watano. Jioni hiyo hiyo litakuwa limeshasambaa.

*Umefaulu* kama hakuna aliyecheka kwa namna usiyoielewa. "Karibu" lilipita bila shida. Liko wazi kwa kila mtu, na anayelisikia hana cha kuuliza.

## Hatua ya 6: Lijaribu mkiwa wawili tu

Mara tatu katika wiki moja, si zaidi. Mara ya kwanza kwa sauti, kwenye saa ya utulivu, na umwambie limetoka wapi: "Unakumbuka ile siku ya boti? Wewe njo Karibu wangu." Mara ya pili kwenye ujumbe wa simu. Mara ya tatu lipitishe katikati ya maneno ya kawaida bila kulisisitiza.

Sasa nyamaza uangalie. Na hapa lazima niseme kitu kuhusu kicheko, maana ndicho kinachodanganya watu.

Nilipokuwa sekondari nilimwita rafiki yangu Meno kwa miaka 3. Alikuwa anacheka kila mara, tena kwa sauti kuliko mimi. Siku ya kupiga picha ya kumaliza shule, darasa zima lilitabasamu, yeye alifunga mdomo kabisa. Nikarudi nyuma kichwani kuhesabu: alikuwa anacheka huku amefunika mdomo kwa mkono. Miaka mitatu nilikuwa nauona ule mkono na sikuusoma. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, lakini picha ile bado ipo na bado inaniuma.

Kwa hiyo usihesabu kicheko, hasa mbele za watu. Anayechekwa hana pa kwenda, na kucheka pamoja na wengine ndiyo njia fupi ya kumaliza jambo. Angalia mkono unakwenda wapi: akigusa au kufunika sehemu fulani ya mwili, umegonga kidonda. Angalia muda: kicheko kinachokuja baada ya kutazama wengine ni cha kujikinga. Angalia kama anaanza kukuita wewe kwa jina lako kamili. Hilo ni jibu.

Alama ya uhakika ya kufaulu ni moja, nayo huja bila kuombwa: analitumia mwenyewe. Anaandika mwisho wa ujumbe, "Ni mimi, Karibu wako." Au anapiga simu anasema, "Karibu anauliza kama umekula." Kama wiki mbili zimepita na hajalitumia hata mara moja, liache kimya kimya. Usimwombe sababu. Nenda kwenye jina la pili kwenye karatasi.

## Hatua ya 7: Panga mipaka pamoja naye

Mwulize swali moja: "Nani anaweza kukuita vile?" Wengine watasema wewe tu. Wengine wewe na dada yangu.

Mbele ya wakwe, tumia jina lake au jina la heshima. Mama mkwe asisikie jina la chumbani mezani pake, hata kama ni safi kabisa. Kazini na kanisani vile vile. Na kumbuka simu: jina ulilomhifadhia linatokea kwenye kioo mbele ya abiria na marafiki. Kama hapendi litoke nje, mhifadhi kwa jina lake.

Rafiki akilinyakua na kuanza kumwita hivyo, mzuie mapema na kwa heshima: "Ndugu yangu, hilo ni la sisi wawili. Wewe mwite Zawadi." Ukingoja mwezi, halizuiliki tena.

## Kama jina baya lilishazoeleka

Ondoa la zamani kabla ya kuleta jipya. Ukileta jipya juu ya la zamani, yote mawili yatatembea pamoja.

Mwambie kwa maneno machache, mkiwa wawili, bila kujitetea. Usiseme "nilikuwa natania", maana hapo unamwomba yeye akufariji wewe. Sema hivi: "Lile jina Kafupi nimeliacha. Sikuona lilivyokuumiza. Likiniponyoka, unikumbushe."

Halafu waambie wale uliowafundisha. Kijana wetu alikwenda kwenye kituo cha motari anakopaki kila siku, akawaambia wenzake: "Bandugu, ile jina ya Kafupi nimeitosha. Yeye ni Zawadi." Mmoja alicheka, akauliza kama ameanza kumwogopa mwanamke. Alijibu, "Hapana, namupenda," akapandisha mteja akaondoka.

Litakuponyoka, hasa ukiwa na haraka au hasira. Likitoka, jisahihishe papo hapo na uendelee na sentensi, "Kaf... Zawadi, leta funguo." Usitoe hotuba. Hesabu kwamba ulimi utahitaji majuma kadhaa.

Kijana wetu alingoja mpaka majuma matatu yapite bila kuponyokwa ndipo akamletea "Karibu". Alimwandikia kwanza, kwa sababu aliona aibu kulisema. Jibu lilichelewa mpaka usiku. Lilikuwa fupi: "Ile sambaza zilikuwa za moto." Siku ya nne alipopiga simu, upande wa pili Zawadi alipokea akasema, "Eeh, Karibu hapa."